Video ya kijani, maboksi meusi au picha kukatika: uzime uharakishaji wote au sehemu yake tu?

Mwalimu mmoja wa jiografia kutoka Makorora aliniletea kompyuta mpakato yake hapa Ngamiani, Tanga, akiwa ameshaambiwa kwingine kwamba kioo kimekufa na kipya ni shilingi 180,000. Nilipoiwasha sikuona kasoro. "Subiri nifungue video, fundi," akasema. Akafungua somo la mmomonyoko wa pwani analowaonyesha wanafunzi wake, na papo hapo picha ikaanza kupigwa na kijani: mara nusu ya chini, mara picha nzima, kufumba na kufumbua, kisha inarudi sawa. Sauti haikuyumba hata kidogo.

Mwanawe alikuwa ameshamsaidia. Alizima uharakishaji wa kivinjari, yaani ile swichi inayokiruhusu kutumia chipu ya michoro, na kijani kikatoweka. Lakini feni ilianza kuvuma kama mashine ya kusaga, na ramani ya pande tatu anayoitumia darasani ikawa haizunguki tena. Wakairudisha kama ilivyokuwa, kijani nacho kikarudi.

Ushauri wa kuzima uharakishaji unatolewa kila mahali, na kwa kweli mara nyingi unaondoa tatizo. Ninachopinga ni kuuacha umezimwa moja kwa moja bila kujua ni sehemu gani iliyoharibika. Zipo njia nyembamba zaidi, na kila moja inafaa kwa dalili yake.

Picha inapita wapi

Video inayokuja kwa mtandao imebanwa sana. Kazi ya kwanza ni kuisimbua, kama king'amuzi kinavyofanya kwa mawimbi ya televisheni, ili zipatikane picha kamili. Kazi ya pili ni kuipanga kila picha mahali pake kwenye ukurasa, pamoja na maandishi, vitufe na menyu, na kuikuza ienee kioo kizima ukitaka. Kazi ya tatu ni kuirusha kiooni, na vioo vingi hupokea picha mpya mara 60 kwa sekunde.

Uharakishaji maana yake ni kwamba kazi hizi zinapewa GPU, yaani chipu ya michoro, badala ya kubebeshwa CPU, chipu kuu ya kompyuta, peke yake. Swichi kubwa ya kivinjari inagusa kazi zote kwa mpigo. Ndiyo maana inatibu mengi, na ndiyo maana gharama yake ni kubwa.

Kwa nini iwe kijani na si rangi nyingine

Watu wengi wakiona kijani wanafikiria waya wa kioo. Sababu yake hasa iko kwenye jinsi video inavyoandika rangi. Kioo kinatumia nyekundu, kijani na bluu, lakini video iliyobanwa huandika mwangaza peke yake, kisha namba mbili za kuonyesha rangi. Katika namba hizo mbili, hali ya kutokuwa na rangi haiandikwi sifuri, inaandikwa 128. Sasa kama GPU imetenga nafasi ya picha lakini usimbuaji ukashindwa kuijaza, nafasi ile inabaki na masifuri matupu. Kivinjari kikiyageuza kuwa rangi za kioo, hesabu inatoa nyekundu 0, bluu 0 na kijani takribani 135. Ile ndiyo kijani unayoiona.

Kwa hiyo kijani kinachopigapiga ndani ya video tu, huku ukurasa uliobaki ukiwa safi, kinaelekeza kwenye kazi ya kwanza, au pale picha iliyosimbuliwa inapokabidhiwa kwa kazi ya pili.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote nilimfanyia mwalimu vipimo viwili. Kwanza niliisogeza dirisha la kivinjari, nikalipunguza, nikalipeleka pembeni. Kijani kikaifuata video kokote ilikokwenda. Kioo kibovu au waya uliolegea hauwezi kufuata dirisha. Pili nilipiga picha ya kioo kwa `Windows + Shift + S` mara kadhaa hadi nikakinasa kijani ndani ya picha. Kikishanaswa humo, kioo hakina kosa, kwa sababu picha hiyo inachukuliwa kabla haijafika kiooni. Zile 180,000 tukaziweka pembeni. Kumbuka tu kwamba kipimo hiki cha pili hakifai kwa filamu za kulipia zenye ulinzi: hizo picha yake hutoka nyeusi kwa makusudi, hata kama hakuna kasoro.

Halafu kikaja kitu kilichonisaidia zaidi ya vyote. Nilifungua video ya YouTube kwenye kompyuta ileile, ikacheza safi kabisa dakika kumi. Nikabofya kitufe cha kulia juu ya video, nikachagua `Stats for nerds`, na kwenye mstari wa `Codecs`, unaotaja namna video ilivyobanwa, nikasoma `vp09`, yaani VP9. Video ya somo, iliyotoka kwenye tovuti nyingine, ilikuwa ya H.264, ambayo huandikwa `avc1`. Kompyuta ile ni ya mwaka 2014. Chipu yake inajua kusimbua H.264, lakini VP9 haiiwezi, kwa hiyo VP9 inasimbuliwa na CPU. Inayopitia GPU inatoka kijani, inayopitia CPU inatoka safi.

Ukitaka uhakika zaidi, fungua kwanza `chrome://media-internals` kwenye kichupo kimoja, kisha cheza video kwenye kingine, urudi na ubofye jina la kichezaji. Tafuta mstari wa `kVideoDecoderName`. Ukiona `D3D11VideoDecoder`, GPU ndiyo inayosimbua. Ukiona `FFmpegVideoDecoder` au `VpxVideoDecoder`, ni CPU. Kwa mwalimu, video ya kijani ilikuwa na jina la kwanza.

Kuzima vyote

Kwenye Chrome unaingia `Settings`, kisha `System`, unazima `Use graphics acceleration when available`, halafu unabofya `Relaunch`. Usipobofya hapo hakuna kinachobadilika, na nimeona watu wakihukumu kwamba njia haifanyi kazi wakati kivinjari hakijajiwasha upya. Edge nayo ina swichi ya namna hiyo upande wa `System and performance`. Kwenye Firefox unaingia `Settings`, `General`, unashuka hadi `Performance`, unaondoa tiki kwenye `Use recommended performance settings`, ndipo inatokea `Use hardware acceleration when available` nayo uiondoe.

Uzuri wake ni kwamba ni rahisi, inaweza kuelezwa kwa simu, na inakupa jibu ndani ya dakika mbili. Kasoro ikibaki vilevile baada ya kuzima na kuwasha upya, basi acha kuhangaika na mipangilio hii. Huenda tatizo liko kwenye faili yenyewe ya video, kwenye kioo, au kwenye waya.

Gharama yake niliipima kwa kompyuta ya mwalimu. Nilicheza YouTube ya 720p kwa kioo kizima kwa dakika moja, picha 30 kwa sekunde, jumla picha 1,800. Uharakishaji ukiwa umezimwa wote, `Stats for nerds` ilionyesha picha 212 zimeangushwa, na CPU ikacheza kati ya asilimia 85 na 95. Angalia vizuri: video ile ilikuwa ya VP9, CPU ndiyo iliyokuwa ikiisimbua hata kabla sijazima chochote. Mzigo ulioongezeka ni wa kazi ya pili, kukuza kila picha na kuipanga kwenye ukurasa, kazi ambayo GPU ingeimaliza bila jasho.

Na ramani ya pande tatu ikafa kabisa. Ramani za namna hiyo huchorwa kwa GPU, na ukiizima zinachorwa kwa CPU kwa mwendo wa konokono au zinakataa kufunguka. Kwa mwalimu wa jiografia hilo peke yake lilitosha kuikataa njia hii. Ongeza joto letu la pwani, ambapo feni iliyojaa vumbi haipumziki, na umeme ukikatika betri ndiyo tegemeo; kompyuta inayofanya kazi kwa asilimia 90 muda wote haitamaliza kipindi.

Kuna anayeweza kuishi nayo bila shida. Mwenye kompyuta ya mezani yenye CPU ya nguvu na kadi ya michoro inayokaribia kufa, anayesoma barua pepe na kutazama video za kawaida, azime tu na aendelee. Kwa wengine mimi naihesabu kuwa kipimo: zima, tazama, kisha iwashe tena na ushuke kwenye njia nyembamba.

Kuzima usimbuaji peke yake

Hii ndiyo niliyomchagulia mwalimu. Unaandika anwani hii kwenye sehemu ya juu ya Chrome au Edge (Edge huibadilisha yenyewe kuwa `edge://`):

```
chrome://flags/#disable-accelerated-video-decode
```

Inakuja imeangaziwa, jina lake `Hardware-accelerated video decode`. Badilisha kutoka `Enabled` au `Default` kwenda `Disabled`, kisha `Relaunch`. Jina la anwani linawachanganya watu: anwani inasema zima, jina la kipengele linasema usimbuaji kwa maunzi. Unachokizima ni hicho kipengele, kwa hiyo neno sahihi ni `Disabled`.

Kwenye Firefox unafungua `about:config`, unakubali onyo, unatafuta `media.hardware-video-decoding.enabled` na kuigeuza iwe `false`, kisha unafunga na kufungua Firefox upya.

Hapo GPU inaendelea kupanga na kukuza picha, kuchora ramani, na kusogeza kurasa kwa ulaini. Imepokonywa kazi moja tu, ile inayoiharibu. Nilirudia kipimo kilekile cha picha 1,800: zilianguka 6. Video ya somo, iliyokuwa ikiumwa kijani, ilicheza mwanzo hadi mwisho bila doa, na CPU ikawa inazunguka asilimia 45 hadi 50. Kwenye `chrome://media-internals` jina lilikuwa limegeuka kuwa `FFmpegVideoDecoder`. Ramani ikazunguka kama kawaida.

Mipaka yake ni ya wazi. CPU sasa inasimbua kila kitu, kwa hiyo video za 1080p zitaielemea kompyuta ya zamani. Picha moja ya 1080p ina nukta zaidi ya milioni 2, ya 720p ina kama 920,000, ya 480p ina kama 410,000. Nilimwambia mwalimu abaki 720p darasani, na ashuke 480p umeme ukiwa umekatika. Kwenye projekta ya darasa lake 480p bado inasomeka.

Mpaka wa pili ni kwamba haitibu chochote kilicho nje ya kazi ya kwanza. Mtu mwenye maboksi meusi yanayorukaruka juu ya menyu na maandishi akizima usimbuaji ataona yako palepale.

Draiva: tiba ya mzizi, kama ipo

Kasoro nyingi za kijani ni kosa la draiva ya michoro, ile programu inayoiendesha GPU. Ukiweka draiva sahihi unabaki na uharakishaji wote, na hiyo ni bora kuliko njia zote nilizotaja. Kama kasoro ilianza siku chache baada ya Windows kujisasisha, anza na kurudi nyuma: `Device Manager`, `Display adapters`, bofya mara mbili jina la chipu, kichupo cha `Driver`, kisha `Roll Back Driver`. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, maana yake hakuna draiva ya zamani iliyohifadhiwa.

Kwa kompyuta ya miaka mitatu au minne, ningeanza na draiva kabla ya kugusa kivinjari. Kwa ya 2014 mambo ni tofauti. Watengenezaji huacha kutoa draiva mpya kwa chipu za zamani, na hapa nilikuta iliyopo ndiyo ya mwisho. Kushusha mamia ya megabaiti za bando kwa ajili ya draiva ileile ingekuwa kumpotezea mwalimu hela.

Maboksi meusi ni habari nyingine

Kijana wa Chumbageni alikuwa na kompyuta ya mezani aliyoiunganisha na televisheni kwa HDMI, kioo cha pili kikiwa cha kawaida. Akisogeza dirisha la video kutoka kioo kimoja kwenda kingine, linatokea boksi jeusi, sauti inaendelea, kisha picha inarudi ikipepesa. Rangi ya kijani haikuonekana.

Hapa usimbuaji unafanyika sawasawa. Shida iko baada yake. Ili kuokoa nguvu, kivinjari kwenye Windows kinaweza kuikabidhi video kama tabaka lake lenyewe moja kwa moja kwa maunzi ya kurushia picha, badala ya kuichanganya kwanza na ukurasa. Draiva zisizolishughulikia tabaka hilo vizuri huliacha tupu, na hilo hutokea zaidi ukiwa na vioo viwili vyenye kasi tofauti. Kipimo chake ni chepesi: bofya kitufe cha kulia ili menyu ikae juu ya video. Mara nyingi Windows italazimika kuchanganya matabaka, na kupepesa kutakoma menyu ikiwa wazi. Ukiona hivyo, umeshamjua mhusika.

Kwake kuzima usimbuaji kulikuwa kupoteza muda. Njia nyembamba ni kuzima tabaka hilo tu, kwa kuongeza maneno kwenye njia ya mkato ya Chrome. Bofya njia ya mkato kwa kitufe cha kulia, `Properties`, na mwisho wa kisanduku cha `Target`, nje ya alama za kunukuu, acha nafasi moja kisha andika:

```
--disable-direct-composition-video-overlays
```

Ikishindikana, ipo `chrome://flags/#use-angle`, jina lake `Choose ANGLE graphics backend`. Kawaida kwenye Windows inatumia `D3D11`. Ukiipeleka `OpenGL` kivinjari kinazungumza na GPU kwa lugha nyingine kabisa. Kwa maboksi meusi yanayotapakaa hata nje ya video, ningeanzia hapa. Hasara yake ni kwamba unaweza kupoteza na usimbuaji wa GPU hapohapo, kwa hiyo angalia CPU baada ya kubadilisha. Vyote viwili vikigoma, ndipo swichi kubwa inapostahili.

Picha iliyokatika mlalo

Dalili hii ni mstari wa mlalo: kamera ikigeuka haraka, nusu ya juu iko mbele na nusu ya chini imebaki nyuma, kama picha mbili zilizounganishwa vibaya. Kioo kimebadilishiwa picha kikiwa katikati ya kuichora. Hutokea kwenye kazi ya tatu, na haionekani ukipiga picha ya kioo.

Hapa ushauri wa kuzima uharakishaji mara nyingi unakupeleka upande usio sahihi, kwa kuwa GPU ndiyo inayosaidia kupatanisha kasi ya picha na kioo. Fungua `chrome://gpu` na uhakikishe mbele ya `Compositing` pameandikwa `Hardware accelerated`. Kama ni `Software only`, iwashe. Kisha, kama una vioo viwili, viweke vyote kwenye kasi moja, mathalani 60 Hz, ndani ya `Advanced display`.

Bendera au njia ya mkato

Mwalimu alirudi wiki tatu baadaye, kijani kimerejea. Chrome ilikuwa imejisasisha na mpangilio wa `chrome://flags`, yaani ile bendera, ukawa umerudi `Default`. Kurasa zile ni za majaribio, na kipengele kinaweza kurudishwa au kuondolewa bila taarifa. Safari hii nilimwekea maneno kwenye njia ya mkato, kama nilivyomfanyia yule kijana, ila yake yanazima usimbuaji:

```
--disable-accelerated-video-decode
```

Njia ya mkato inahimili masasisho vizuri zaidi, lakini ina masharti yake. Ukifungua Chrome kwa kubofya kiungo ndani ya barua pepe, maneno yale hayasomwi. Na kama Chrome bado inaendelea kimyakimya nyuma baada ya kuifunga, kubofya njia ya mkato kunafungua dirisha jipya la ileile ya zamani, bila mabadiliko. Kwa hiyo niliingia `Settings`, `System`, nikazima `Continue running background apps when Google Chrome is closed`. Ile ikoni ya chini nikaiondoa na kuibandika upya kutoka kwenye njia ya mkato mpya, kwa sababu ndiyo anayoibofya kila asubuhi, kisha nikamwonyesha mstari wa `kVideoDecoderName` ili siku kijani kikirudi aukague mwenyewe kabla hajaibeba kompyuta hadi Ngamiani.